Rapori ya shantiye: wastani inaficha vumbi

Bandugu vijana, shantiye kubwa inatoa kila mwezi rapori ya mayi, vumbi na makelele, na mara nyingi mwisho wake wanaandika: "Yote iko sawa." Sisi tunasema: muangalie kwanza tarehe na saa za vipimo.

Tuchukue mfano. Kibali kinafuata mpaka wa OMS kwa vumbi laini, PM10: mikrogramu 45 kwa meta moja ya ujazo ya hewa, kwa saa 24. Siku 20 za mvua kipimo ni 20, siku 10 za jua ni 90. Wastani wa mwezi ni 43. Rapori inapita! Lakini siku 10 watoto wa kartiye wamepumua vumbi mara mbili ya mpaka.

Makelele ni vilevile. Kama beto inamwangwa usiku, kipimo cha saa nne asubuhi hakisemi kitu. Mayi nayo ipimwe juu na chini ya bomba la shantiye, kisha mvua kunyesha.

Tunadai vipimo vya kila siku vibandikwe kwenye mlango wa shantiye. Wastani peke yake hatuitaki.