Je, Mtangazaji Alisome Tangazo Lenye Mapengo?

Wanafunzi wengi hudai kuwa mtangazaji katika hadithi hii ni mwoga kwa sababu anasitasita. Kwa maoni yetu, jibu hilo halitoshi. Itazame karatasi aliyopewa: jina la marehemu limo, lakini siku, mahali na chanzo cha kifo vimeachwa wazi.

Mtangazaji akisoma huku akiyaruka mapengo, msikilizaji hatajua kwamba kuna kilichofichwa, kwani redioni pengo halionekani. Akiyajaza mwenyewe, atakuwa ametunga uongo. Akikataa kusoma, jamaa wataendelea kumngojea mtu aliyekwisha kufa. Hapo ndipo penye mgogoro wa nafsi.

Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walimlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza katika Sauti ya Kenya kwamba serikali imepinduliwa. Yeye hakuwa na hiari. Mtangazaji wa hadithi hii hakushikiwa bunduki, ndiyo maana tuna haki ya kumpima kwa uamuzi wake.

Sisi tunaona alisome tangazo, ila alitamke kila pengo: "Siku haikuandikwa. Mahali hapakuandikwa. Chanzo hakikuandikwa." Kwa njia hiyo jamaa watapata habari, naye hatakuwa ameongeza hata neno moja la uongo. Ukipinga, ni sawa. Lakini onyesha ni nani angeumia kwa uamuzi unaoutetea. Usiandike tu "ni mwoga" ukaachia hapo.