Jedwali Linasema Kotonii, Akina Mama Wanapanda Spinosamu: Nani Kakosea?

Wiki hii tunaacha mahindi na muhogo, tunashuka baharini kwenye mwani. Kuna binti anayeishi hapa Raskazone, anasoma diploma, ambaye aliniletea swali la mtihani la kuchagua mradi. Swali lilitaka apange jedwali la matokeo, atumie kanuni tatu (maksimini, maksimaksi na thamani tarajiwa), kisha amshauri mwenye mradi. Hesabu hazikumshinda. Kilichomkwamisha ni ushauri, kwa sababu kanuni hazikukubaliana. Akaniuliza, "Bwana shamba, jibu sahihi ni lipi sasa?"

Nina msimamo wangu kuhusu hilo, na nitaueleza kwa mfano ambao pwani ya Tanga tunaujua vizuri.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu za kutoka Ufilipino, kisha kikaenea hadi pwani ya bara, pamoja na huku kwetu Mkinga. Aina ni mbili. Kotonii ina bei kubwa zaidi, lakini ni deko: maji yakichemka wakati wa kaskazi, hasa kwenye kina kifupi maji yakitoka, matawi yake yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika na kusombwa. Spinosamu bei yake ni ndogo, lakini inavumilia. Tangu miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa sehemu nyingi za pwani, na wakulima wengi, ambao kwa kiasi kikubwa ni akina mama, wamebaki na spinosamu. Wapo wataalamu wanaowaambia kuwa wanaacha hela baharini. Je, ni kweli?

Tuchukue kikundi kinachojiandaa kwa msimu mmoja wa kaskazi. Kina njia tatu: kupanda kotonii tupu, kupanda spinosamu tupu, au kugawa kamba nusu kwa nusu. Bahari nayo ina hali tatu, na hakuna anayeweza kuichagulia. Takwimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano. Ni faida ya kikundi kwa maelfu ya shilingi, baada ya kutoa gharama za kamba, vigingi, taitai na mbegu. Alama ya kutoa ni hasara.

| Njia | Maji ya kupoa | Maji ya wastani | Joto kali |
|---|---|---|---|
| Kotonii | 2,400 | 1,200 | -900 |
| Spinosamu | 900 | 700 | 300 |
| Nusu kwa nusu | 1,650 | 950 | -300 |

Kila mstari ni uamuzi wako, kila safu ya kushuka ni uamuzi wa bahari. Usizichanganye, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteza alama. Maksimini na maksimaksi zote husomwa kwa mstari, yaani kwa kila njia peke yake.

Maksimini ni kanuni ya mtu anayejiandaa kwa baya. Chukua matokeo mabaya kuliko yote ya kila mstari, kisha chagua lililo afadhali. Kotonii inatoa -900, spinosamu 300, nusu kwa nusu -300. Afadhali ni 300, kwa hiyo tunapanda spinosamu. Angalia kosa moja: mwanafunzi anasikia "mini" anakimbilia namba ndogo kuliko zote, anaandika -900. Hapana. Tunatafuta kubwa kati ya zile ndogo.

Maksimaksi ni kinyume chake, ni kanuni ya mtu anayeamini bahari itamtendea wema. Chukua matokeo bora ya kila mstari: 2,400, 900 na 1,650. Kubwa ni 2,400, basi ni kotonii.

Thamani tarajiwa inahitaji kitu cha ziada, nacho ni uwezekano wa kila hali. Tuseme maji ya kupoa ni 0.3, ya wastani 0.4, na joto kali 0.3. Hakikisha jumla inakuwa 1. Zidisha kila tokeo kwa uwezekano wake, halafu jumlisha:

Kotonii: (0.3 × 2,400) + (0.4 × 1,200) + (0.3 × -900) = 720 + 480 - 270 = 930

Spinosamu: (0.3 × 900) + (0.4 × 700) + (0.3 × 300) = 270 + 280 + 90 = 640

Nusu kwa nusu: (0.3 × 1,650) + (0.4 × 950) + (0.3 × -300) = 495 + 380 - 90 = 785

Kotonii inashinda kwa 930. Kwa hiyo kanuni mbili zinasema kotonii, moja inasema spinosamu. Hapa ndipo mtaalamu anafunga daftari na kuwaambia akina mama kwamba ni waoga. Mimi nasema afungue tena daftari, kwa sababu ameruka mambo matatu.

La kwanza, hiyo 930 haipo kwenye jedwali. Hakuna msimu hata mmoja ambao kikundi kitagawana laki tisa na thelathini elfu kutokana na kotonii. Kitapata milioni mbili na laki nne, au milioni moja na laki mbili, au kitapoteza laki tisa. Thamani tarajiwa ni wastani wa misimu mingi sana ikijirudia. Ni kipimo kizuri kwa mtu atakayebaki mchezoni misimu yote hiyo. Kikundi ambacho mtaji wake wote ni laki tisa kikipigwa na joto msimu wa kwanza, hakifiki huko wastani unakoanza kufanya kazi. Na kotonii ikifa yote, mbegu nayo imekwenda, kwa sababu mbegu ya mwani ni kipande cha mwani uliovuna. Msimu unaofuata unaanza kwa kutafuta mbegu kwa wengine, na joto halichagui kijiji, huenda nao yao imekufa. Jedwali la msimu mmoja halina safu ya kuonyesha hasara hiyo.

La pili, 0.3 ya joto imetoka wapi? Kwenye mtihani umepewa, huna haja ya kuuliza. Ufukweni lazima uulize. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatusaidia sana kwenye mvua za vuli na masika, lakini hautuambii joto la maji ya kina kifupi pale kikundi kilipochomeka vigingi. Njia iliyobaki ni kuwauliza wenyewe: katika kaskazi kumi zilizopita, kotonii ilikufa ngapi? Wakisema tatu, tunaandika 0.3. Ila kumbuka bahari inazidi kupata joto, matumbawe ya pwani yetu yalipauka kwa joto mwaka 1998, na tena 2016. Miaka ya zamani inaweza kukudanganya kwamba hatari ni ndogo kuliko ilivyo leo.

Kwa kuwa namba hiyo haina uhakika, isukume uone jibu linabadilika lini. Weka joto kali 0.4, maji ya kupoa 0.25 na ya wastani 0.35. Kotonii inashuka hadi 660, spinosamu inakuwa 590. Bado kotonii iko mbele, lakini kwa sabini elfu tu. Sasa weka joto kali 0.5, maji ya kupoa 0.2 na ya wastani 0.3. Kotonii inakuwa 390, spinosamu 540. Jibu limegeuka! Maana yake ni kwamba ushauri wote wa kupanda kotonii umesimama juu ya imani kuwa joto kali haliji mara tano katika misimu kumi. Mama aliyekaa kwenye maji hayo miaka ishirini akiamini kuwa linakuja nusu ya misimu, hajakosea hesabu hata kidogo. Anatumia thamani tarajiwa ileile, ila uwezekano wake ni tofauti na wako.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: nani anabeba hasara? Mnunuzi au mradi unaowashauri kupanda kotonii unafurahia ile 2,400, lakini -900 inabaki kwa kikundi. Anayeshauri maksimaksi kwa mfuko wa mwenzake hajashauri, amecheza kamari ya mtu mwingine. Kama mnunuzi anaamini kweli kwenye kotonii, aweke mkononi: atoe kamba na mbegu, na kotonii ikifa asidai. Hapo -900 inapungua, na jedwali linabadilika.

Sasa tazama mstari wa tatu, nusu kwa nusu. Haukushinda kwenye kanuni yoyote. Hauwezi kushinda maksimaksi wala thamani tarajiwa kwa sababu ni wastani wa mistari miwili ya juu yake, na wastani hauzidi kilicho kikubwa kati ya viwili. Maksimini nayo ingeupendelea tu kama kotonii na spinosamu zingekuwa na hali mbaya tofauti. Hapa zote mbili adui wao ni joto. Mwanafunzi atauona mstari huu kama wa kujazia swali. Lakini nenda ufukweni uone wangapi wanagawa kamba zao hivyohivyo.

Wanafanya hesabu ambayo mtihani haukuuliza. Tuseme kikundi kina laki nne kwenye kasha la kikoba. Swali lao la kwanza ni: njia ipi ikiharibika tunaweza kuilipa na bado tukapanda tena? Kotonii tupu inadai laki tisa, inafutwa. Nusu kwa nusu inadai laki tatu, kasha linatosha. Spinosamu haidai kitu. Kwenye mistari miwili iliyobaki ndipo wanatumia thamani tarajiwa: 785 dhidi ya 640. Nusu kwa nusu inashinda. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na hapa kuna nusu heri ndani yake. Kasha likiwa na laki moja tu, hata huo mstari unafutwa na spinosamu inabaki peke yake. Kasha likiwa na milioni mbili, kotonii inarudi mezani, na hapo mimi mwenyewe nitawaambia waipande.

Huo ndio msimamo wangu: futa kwanza mistari inayoweza kukufilisi, kisha tumia thamani tarajiwa kwa iliyobaki, na usukume uwezekano uone jibu linageukia wapi. Mwanafunzi, wewe kwenye mtihani jibu kila kanuni kama ulivyoulizwa, onyesha njia, taja njia iliyochaguliwa na kila moja. Kwenye ushauri usiandike tu "kotonii kwa sababu 930 ni kubwa". Ongeza kwamba inafaa kwa mwenye mtaji wa kuhimili hasara ya 900 na kurudia misimu mingi, na kwamba asiye na mtaji huo maksimini inamfaa zaidi.

Na vikundi vya mwani, kaskazi inakuja. Kabla ya bamvu la kupanda, hesabuni kasha kwanza, bei ya kotonii ije baadaye.