KUSTAAFU MIAKA 43 SUMBAWANGA: KAKA, MBONA KADI YA MAMA HUITAJI?

Kuna kaka mmoja hapa mjini, jina kapuni, kaacha kazi ya serikali akiwa na miaka 43 na sasa kila siku anatuwekea picha: leo Maporomoko ya Kalambo, kesho anakula migebuka Kasanga. Vijana wanamuuliza siri, anajibu, "Nidhamu tu, mdogo wangu." Mimi nasema nidhamu anayo, ila hesabu yake imekatwa mkia.

Tuanze na anachotangaza mwenyewe. Mshahara ulikuwa milioni 1.6, mkononi kama milioni 1.2. Alikula nusu, akaweka nusu. Hapo nampa heshima yake, maana anayezoea kuishi kwa 600,000 anafaidika mara mbili: akiba inakua haraka, na hiyo akiba yenyewe haihitaji kuwa kubwa sana. Mwenye kuweka asilimia 20 anakula 960,000, kwa hiyo mlima wake ni mrefu zaidi na anaupanda polepole.

Akafikisha milioni 75, akazitia kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 25 kwa kuponi ya asilimia 12.56. Kwa mwaka inamletea milioni 9.42 bila kodi, yaani 785,000 kwa mwezi. Matumizi 600,000, chenji inabaki. Kwisha habari, kastaafu!

Haijaisha. Kuponi ya hatifungani haipandi, lakini mafuta, sabuni na ada vinapanda. Bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, ile 600,000 ya leo baada ya miaka saba inakuwa 790,000 hivi. Kuponi imeshapitwa, na kaka ana miaka 50 tu. Ili mtaji usiliwe na bei, inabidi kila mwaka arudishe ndani asilimia 4 yake, yaani milioni 3. Kinachobaki ni 535,000 kwa mwezi. Kwa hiyo hata kwa leo hazimtoshi. Na msimwangalie aliyewahi kununua kwa asilimia 15.95, maana mwaka 2022 Benki Kuu iliishusha hadi 12.56. Ukirudi sokoni unakuta bei ya siku hiyo.

Sasa tuje kwenye kile asichokiweka kwenye picha. Alipokuwa kazini, NHIF ilichukua asilimia 6 ya mshahara: 48,000 yake na 48,000 ya mwajiri. Hiyo 96,000 ilimbeba yeye, mke na wategemezi wanne, mama yake mzazi akiwemo. Anayestaafu kwa utaratibu, miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, anaendelea na bima yeye na mwenza wake. Anayeacha kazi na miaka 43 hajastaafu kisheria, kaacha kazi. Kadi inakoma, na mama anatoka nayo. Pensheni nayo, kama alishatimiza miezi 180 ya kuchangia, ataisubiri hadi 55. Fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiondoa mwenyewe. Hiyo ni miaka 12 anajitegemea.

Atasema, "Nitakata CHF." Ni nzuri, CHF iliyoboreshwa ilikuja kwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Lakini ilikuja ikiishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiandikiwa kwenda Hospitali ya Kanda Mbeya, kuanzia nauli ya kupitia Laela na Tunduma hadi upasuaji ni mfuko wako. Vifurushi vya hiari vya NHIF vya 2019 vilipangwa bei kwa umri: 18 hadi 35, 36 hadi 59, kisha 60 na kuendelea. Kadiri unavyozeeka ndivyo bei inavyopanda.

Hata tukimkadiria afya kwa ile ile 96,000, matumizi yanafika 696,000, na mtaji unaotakiwa ni karibu milioni 98. Yeye ana 75. Kapungukiwa milioni 23, na mgonjwa mmoja wa kupelekwa Mbeya atamlazimisha kuuza hatifungani kabla ya wakati kwa bei atakayopewa na soko.

Simuonei wivu. Ninachogomba ni kuwaita vijana wa Sumbawanga waache kazi zao kwa hesabu isiyo na mstari wa hospitali. Mwenye mke, watoto na mama kijijini hawezi kuuacha huo mstari wazi. Kama anataka kufundisha, aweke picha ya bajeti ile siku mama yake anaandikiwa rufaa.

Wewe mdau, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, jina la nani limo kwenye kadi yako? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.