Proksi ya Ofisi na Tovuti ya Benki: Kipi Kifunguliwe, Kipi Kiachwe

Mfanyakazi anayeingia kwenye akaunti yake ya benki kwa kompyuta ya kazini huamini kwamba mazungumzo yale ni ya watu wawili, yeye na benki. Pale ofisi inapokagua mawasiliano yaliyosimbwa, imani hiyo si sahihi. Proksi hujifanya benki mbele ya kivinjari, kisha hujifanya mteja mbele ya benki, na hapo katikati nywila na salio hupita wazi ndani ya mashine ya mwajiri. Kivinjari hakilalamiki, kwa kuwa idara ya tehama imekwisha kuweka cheti cha mzizi cha ofisi katika kila kompyuta, na proksi hutumia cheti hicho kutia saini cheti kipya kwa kila tovuti inayotembelewa. Anayetaka kujua abonyeze alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, afungue maelezo ya cheti, asome ni nani aliyekitoa. Akikuta jina la mwajiri wake, au la kifaa cha usalama cha ofisi, mawasiliano yake yanafunguliwa.

Sisemi kwamba ukaguzi huu ni uovu. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya mtandao leo imesimbwa, na virusi navyo hupita humo humo. Proksi isiyofungua huona jina la seva na wingi wa data, basi. Haiwezi kujua kama faili iliyopakuliwa ni ankara au ni programu itakayofunga kompyuta zote za ofisi usiku na kudai fidia. Kwa hiyo nakubali ofisi ikague. Ninachopinga ni kukagua kila kitu kwa sababu tu kifaa kinaweza.

Chukua benki. Ni nadra kwa kirusi kuletwa na tovuti halisi ya benki, hivyo faida ya kuifungua ni ndogo. Hasara yake ni kubwa: siku fedha za mfanyakazi zikitoweka, ofisi iliyokuwa ikipitisha nywila zake wazi itakuwa miongoni mwa washukiwa, na haitakuwa na njia rahisi ya kujitoa. Mizani hiyo hiyo inafaa kwa tovuti za hospitali na bima ya afya, na kwa mifumo ya serikali ambamo mtu huingia kwa akaunti yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote mbili huzipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na mwajiri anayezisoma bila haja anajitafutia kesi.

Je, proksi itajuaje kwamba hii ni benki kabla ya kuifungua? Kivinjari kinapoanza kuungana na seva, kwa kawaida hutaja jina la seva hiyo bila kulificha, katika sehemu iitwayo SNI, kama anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Proksi husoma anwani hiyo, kisha huamua ama kuifungua bahasha ama kuipitisha ilivyo. Katika Squid, proksi ya bure inayotumiwa sana, uamuzi huo ni mistari michache:

```
acl hatua1 at_step SslBump1
acl msamaha ssl::server_name "/etc/squid/msamaha.txt"
ssl_bump peek hatua1
ssl_bump splice msamaha
ssl_bump bump all
```

Neno `peek` ni kuchungulia jina, `splice` ni kupitisha bila kufungua, na `bump` ni kufungua. Ziko ofisi zinazodhani zimesamehe benki kumbe zimezima tu kumbukumbu za matembezi, huku nywila zikiendelea kufunguliwa. Huo si msamaha. Msamaha wa kweli huonekana kwenye kivinjari: cheti cha benki kinabaki kile kilichotolewa na mamlaka ya vyeti ambayo benki yenyewe iliichagua.

Ugumu uko ndani ya hilo faili la majina. Vifaa vya kununuliwa huja na orodha za aina za tovuti, na msimamizi huweka alama tu kwenye aina ya benki na fedha. Orodha hizo hutungwa mbali, na hujua vizuri benki kubwa. Tuseme mhasibu wa shule mjini Morogoro anaingia kwenye mfumo wa SACCOS yake, wenye wanachama mia chache na tovuti ya mwaka jana. Tovuti ile inaweza kuangukia kwenye kundi la zisizojulikana, na hilo ndilo kundi ambalo ofisi hulikagua kwa ukali kuliko yote, kwa sababu tovuti mpya za matapeli nazo huanzia humo. Mteja wa benki kubwa analindwa. Mwanachama wa SACCOS anafunguliwa. Kwa hiyo orodha ya kununuliwa haitoshi. Watu wa mishahara, uhasibu na utumishi wakae na tehama, wataje taasisi ambazo wafanyakazi wanazitumia kweli, na kila jina lihakikiwe kabla ya kuingizwa.

Jina la SNI lenyewe linaweza kudanganywa. Programu mbaya inaweza kuandika jina la benki iliyosamehewa huku ikiungana na seva nyingine kabisa, na katika TLS 1.3 cheti cha seva husafiri kikiwa kimesimbwa, hivyo proksi isiyofungua haiwezi kukilinganisha na jina. Kinga iliyopo ni kuangalia kama anwani ya IP inayoendewa ni miongoni mwa zile ambazo jina hilo huelekeza kwenye DNS. Ndiyo maana orodha fupi yenye majina kamili ni salama kuliko kusamehe aina nzima.

Kuna msamaha mwingine usiotokana na faragha. Baadhi ya programu hukubali cheti kimoja tu zilichopangiwa na watengenezaji wake, na nyingi za simu za Android, tangu toleo la 7, hazikiamini cheti kilichoongezwa na mtumiaji. Zikifunguliwa hukataa kufanya kazi, simu za malalamiko zinaanza, na msimamizi anaongeza jina jingine kwenye msamaha ili apumue. Baada ya muda hifadhi nzima za mafaili za mtandaoni zinapita bila kuguswa, nazo ni njia ya kawaida ya kuingiza virusi na kutoa siri. Orodha ya msamaha huu iwe na faili lake, kila jina liandikwe sababu na tarehe ya kupitiwa upya. Ya faragha haihitaji kupunguzwa; hii inahitaji.

Na hata pale inapostahili kufungua, ofisi ipime kama proksi inakagua vyeti vya upande wa pili, kwa sababu kivinjari hakivioni tena. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba vifaa vingi vya ukaguzi hudhoofisha usalama wa mawasiliano, na shirika la US-CERT la Marekani likatoa tahadhari mwaka huo huo. Kipimo ni chepesi: ukiwa nyuma ya proksi, fungua `expired.badssl.com`, kisha `self-signed.badssl.com` na `untrusted-root.badssl.com`. Ukurasa wowote kati ya hizo ukifunguka bila onyo, proksi imempokonya mfanyakazi kinga aliyokuwa nayo kabla haijanunuliwa, na ukaguzi usimamishwe hadi irekebishwe.

Limebaki suala la barua pepe binafsi, na hapa sina jibu la kumridhisha kila mtu. Ina siri kama za benki, lakini tofauti na benki, ni mlango mkubwa wa mafaili mabaya. Kuisamehe ni kuacha mlango wazi. Kuifungua ni kusoma barua za watu. Mimi ningeizuia kwenye kompyuta za kazi, niwaeleze wafanyakazi sababu kwa maandishi, kisha niwawekee Wi-Fi tofauti ya simu zao, isiyofika kwenye seva za ofisi na ambayo mawasiliano yake hayafunguliwi kamwe.