Hekta za msitu zilizopotea: kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tuulize zilihesabiwa namna gani

Kila mara vita vinapowasukuma raia kuelekea Goma, haichukui muda kabla ya kusikia kwamba hekta kadhaa za msitu wa Virunga zimeteketea. Hesabu inatoka katika ripoti yenye ramani nzuri, misitu imepakwa kijani na sehemu zilizokatwa zimepakwa nyekundu. Redio zinaisoma, magazeti yanaiandika, na jioni hiyohiyo watu wameshajua mwenye kosa: wakimbizi wa ndani wanaokata kuni, ao mkulima anayelima kando ya mpaka wa hifadhi, ao muuza makala. Hakuna anayeuliza hesabu yenyewe imetoka wapi. Sisi wanahabari ndio wa kwanza kutouliza.

Hatusemi kwamba msitu haukatwi. Mtu yeyote anayepita barabara ya Rutshuru na kuona magunia ya makala anajua unakatwa. Tunachosema ni kwamba hesabu inayoweza kumfukuza mtu katika shamba lake inafaa kupimwa kabla ya kutangazwa, na kuipima si kazi ya wataalamu peke yao.

Ripoti nyingi za namna hii zinafanywa hivi. Wanachukua picha mbili za satelite za eneo moja, tuseme moja ya mwaka 2019 na nyingine ya 2023. Picha ya satelite imegawanywa katika vijisanduku vinavyoitwa pikseli. Kwa satelite ya Landsat, pikseli moja ni mita 30 kwa mita 30 ardhini, yaani hekta 0.09. Uwanja mmoja wa mpira unaingia karibu pikseli nane. Kwa Sentinel-2, pikseli ni mita 10 kwa mita 10, yaani hekta 0.01. Mtaalamu anaifundisha kompyuta kwa mifano: hapa ni msitu, hapa ni shamba, hapa ni nyumba, hapa ni mawe ya volkano. Kisha kompyuta inaipa kila pikseli jina lake. Inafanya hivyo kwa picha ya kwanza, halafu kwa ya pili, na ramani mbili zinalazwa moja juu ya nyingine. Pikseli iliyoitwa msitu mwaka 2019 na ikaitwa kitu kingine mwaka 2023 inahesabiwa kama msitu uliopotea. Zikipatikana pikseli 55,556 za Landsat za namna hiyo, unazidisha kwa 0.09 na unapata hekta 5,000. Basi, ripoti imekwisha.

Tatizo limejificha katika hatua ya kulaza ramani hizo. Tuchukue kwamba ramani ya kwanza iko sawa kwa asilimia 90, na ya pili vilevile. Kwa kazi hii hayo ni matokeo mazuri. Lakini kama makosa ya ramani moja hayahusiani na makosa ya nyingine, pikseli ambazo ziko sawa katika ramani zote mbili ni 0.90 mara 0.90, yaani asilimia 81. Asilimia 19 zina kosa upande mmoja ao pande zote mbili. Sasa, kama msitu uliokatwa kweli katika miaka minne ni asilimia 3 ama 4 ya eneo, makosa ni mengi kuliko kitu tunachokitafuta. Ni kama kutafuta mbegu chache za ngano katika gunia la mchanga wenye rangi ya ngano. Pikseli nyekundu zitaonekana kila mahali, na nyingi kati yake hazikupoteza mti hata mmoja.

Katika mkoa wetu makosa hayo yana sura zake. Ya kwanza ni mawingu. Milima ya Virunga na miteremko ya Masisi hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka, na kivuli cha wingu juu ya msitu kinaonekana cheusi kama lava. Ya pili ni majira. Ukilinganisha picha ya Mei, mvua ikiwa bado inanyesha, na picha ya mwisho wa Agosti, nyasi zimekauka na mashamba yamesafishwa, kompyuta itaona upotevu ambao ni kiangazi tu. Kwa hiyo picha mbili lazima ziwe za miezi ileile, na ripoti lazima iitaje miezi hiyo. Jua likiwa chini, mteremko mmoja wa mlima unakuwa gizani na mwingine unang'aa. Hilo nalo linadanganya.

Ya tatu ni volkano zenyewe. Nyamulagira ililipuka Januari 2010, kisha ikalipuka tena Novemba 2011 na kuendelea hadi mwaka 2012, na lava ilitiririka ndani ya hifadhi ikichoma miti njiani. Mtu anayelinganisha picha ya 2009 na ya 2013 ataona msitu uliopotea, na hapo kompyuta haitakuwa imekosea: miti haipo tena. Lakini hakuna panga lililopita pale. Ripoti ikitoa jumla moja ya hekta bila kutenganisha lava na mashamba, msomaji atawabebesha raia mzigo wa mlima.

Kuna jambo lingine ambalo linatuuma zaidi, kwa sababu linawaumiza waliotii ushauri. Toka mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF umewasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti inayokua haraka, mikaratusi hasa, ili makala yatoke mashambani pasipo kuigusa hifadhi. Mkulima anapanda, anangoja miaka, kisha anakata ili auze. Satelite inaona nini? Inaona miti mirefu mwaka wa kwanza, na udongo mwaka wa pili. Pikseli nyekundu. Visiki vya mikaratusi vinachipua tena, lakini picha ilikwisha kupigwa. Yule aliyepanda miti ili aokoe msitu anaingizwa katika hesabu ya waharibifu wa msitu. Hapa ndipo maana ya neno «msitu» inapokuwa na uzito. Katika hesabu ambazo Kongo imezipeleka Umoja wa Mataifa, msitu ni eneo la angalau nusu hekta, lenye miti ya kufikia angalau mita 3, na majani yake yakifunika angalau asilimia 30 ya ardhi. Ripoti ambayo haisemi kama mashamba ya mikaratusi yamo ndani ya hesabu ama la, haijasema imehesabu nini.

Na upande wa pili wa shilingi upo pia. Mchoma makala mara nyingi hafyeki hekta nzima. Anachagua miti migumu, anaikata mmoja hapa na mwingine pale, anajenga tanuru lake chini ya miti iliyobaki. Pikseli ya mita 30 inaendelea kuitwa msitu, ijapokuwa ndani yake miti bora imekwisha. Kwa hiyo ramani ileile inaweza kumhesabu mkulima asiye na kosa na kumwacha mfanyabiashara wa makala bila kumwona.

Je, tutupe ramani? Hapana. Dawa inajulikana miaka mingi sasa, na haihitaji mashine ya ajabu. Ramani inatumiwa kama mwongozo wa kuchagua mahali pa kukagua, halafu hekta zinahesabiwa kutokana na ukaguzi. Tufanye mfano, na hesabu hizi ni za mfano tu, si za mahali fulani. Eneo lina hekta 100,000. Ramani inasema hekta 5,000 zimepoteza msitu, 55,000 zimebaki msitu, na 40,000 hazikuwa msitu toka mwanzo. Tunachagua kwa bahati nasibu vituo 100 ndani ya sehemu nyekundu, 200 ndani ya msitu uliobaki, na 100 ndani ya sehemu isiyo msitu. Mtu mwenye macho ya kuzoea anaangalia kila kituo katika picha kali zaidi za miaka yote miwili, na usalama ukiruhusu anakwenda mwenyewe, bila kuambiwa ramani ilisema nini.

Tuseme amerudi na majibu haya: katika vituo 100 vyekundu, 60 tu vilipoteza msitu kweli. Katika vituo 200 vya msitu uliobaki, 2 vilikuwa vimekatwa na ramani haikuviona. Katika sehemu isiyo msitu hakukuta kosa. Hesabu ni hii:

```
5000 × 60/100  = 3000
55000 × 2/200  =  550
jumla          = 3550 ha
```

Hekta 5,000 za ramani zimekuwa 3,550. Na hata hizo si hesabu ya mwisho, kwa sababu tulikagua vituo vichache. Kanuni ya takwimu, kwa uhakika wa asilimia 95, inatupa nafasi ya kukosea ya karibu hekta 900 kila upande. Kwa hiyo upotevu uko kati ya hekta 2,650 na 4,450. Zile 5,000 ziko nje kabisa.

Tuangalie vile vituo viwili, maana ndivyo vinavyosumbua zaidi. Msitu uliobaki ni mkubwa sana, hivyo kila kituo kimoja kati ya 200 kinasimama kwa niaba ya hekta 275. Mkaguzi akikosea kimoja tu, akakiita kichaka cha zamani kumbe ni shamba jipya, jumla inabadilika kwa hekta 275. Ndiyo maana idadi ya vituo ni jambo la kuuliza, na ndiyo maana ripoti inayotoa hesabu kama «hekta 4,987.36» inatutia shaka zaidi kuliko ile inayosema «karibu 3,500, ongeza ama punguza 900». Yule wa kwanza amehesabu pikseli. Yule wa pili amepima.

Kutokana na vita, kuna vituo ambavyo hakuna mtu anayeweza kuvifikia kwa miguu. Hilo tunalielewa, na picha kali zinasaidia sana. Lakini liandikwe katika ripoti: vituo vingapi vilikaguliwa ardhini, vingapi kwa picha, vingapi havikuonekana kwa sababu ya mawingu.

Ukurasa huu kwa upande wake hautachapisha tena jumla ya hekta bila majibu ya maswali matano: picha ni za miezi gani, neno msitu lina maana gani humo ndani, lava na mikaratusi vimetenganishwa ama la, vituo vingapi vilikaguliwa, na nafasi ya kukosea ni hekta ngapi. Tutawauliza wenye hifadhi, tutawauliza mashirika, tutaiuliza serikali ya jimbo. Atakayekosa jibu tutaandika kwamba hakuwa nalo, na ramani yake tutaiacha mezani.