"Pending" ya muuzaji inawasubiri ninyi, jamani!

Leo nina ugomvi na ule ubao wa kazi unaoonyeshwa kwenye vikao vya Jumatatu. Msimamizi wa mradi anasema tiketi zote za muuzaji "zinaendelea vizuri", wakubwa wanatikisa vichwa, chai inaletwa. Zinaendelea kwenda wapi?

Nieleze kwa wasioishi kwenye dunia hii. Ofisi yenu inafuatilia kazi zake kwa Jira. Kampuni iliyowauzia mfumo inapokea malalamiko ya wateja kwa Zendesk. Ili msichungulie sehemu mbili, fundi anaunganisha: kila tiketi ya kule inanakiliwa huku, na hali yake inatafsiriwa. Wazo ni zuri, balaa liko kwenye tafsiri. Wengi wanaona open na pending wanaandika In Progress, wanaona solved na closed wanaandika Done. Wakishamaliza hawarudi tena kuangalia.

Sasa sikiliza. Pending ya Zendesk maana yake muuzaji amekuuliza kitu na anasubiri jibu lako. Huamini? Ingia kwenye ukurasa wa mteja uitazame tiketi hiyo hiyo: imeandikwa "Awaiting your reply". Tena kile kipimo chao cha muda ambao mteja amesubiri hakihesabu saa za pending. Kwa hiyo ninyi mnadhani wanahangaika, kumbe wamekaa, na takwimu zao ni safi kama shuka la hotelini.

Chukua mfano wa risiti za malipo ya simu ambazo haziwafikii wateja. Jumatatu mnafungua tiketi. Jumanne muuzaji anaomba namba za miamala mitatu iliyokwama, anaweka pending. Ubao wenu unasema In Progress, basi hakuna anayestuka. Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, saa 9 alasiri, amechoka kusubiri, anaweka solved. Ubao wenu unaandika Done. Zendesk inakuja na kanuni inayoifunga tiketi yenyewe siku 4 baada ya solved, na hizo ni saa 96 za kalenda, sikukuu zimo ndani. Jumatatu ya Pasaka alasiri tiketi ni closed. Jumanne mnarudi kazini, risiti bado hazitoki.

Hapo ndipo tofauti ya solved na closed inapouma. Tiketi ikiwa solved, jibu lako moja tu linaifufua na kuirudisha open. Ikishakuwa closed haifufuki, mtafungua nyingine yenye namba mpya, na nakala yenu ya Jira inabaki imefungamana na maiti.

Mimi nasema hivi: acheni kutafuta neno linalofanana na neno. Ulizeni mpira uko kwa nani. Jira inakuruhusu kuzipa hali majina unayotaka, kwa nini tuogope Kiswahili?

```
new, open, hold -> Mpira Kwao
pending         -> Mpira Kwetu
solved          -> Tunahakiki
closed          -> usibadili kitu
```

Angalia vizuri: hakuna mstari unaofika Imekwisha. Hapo anapeleka mtu wenu, kwa mkono wake, baada ya kulipa kwa simu na kuiona risiti. Na ndiyo maana closed haibadili kitu, la sivyo itaivuruga kazi ambayo mmeshaihakiki.

Neno la muuzaji lenyewe msilitupe. Litunzeni kama lilivyo kwenye sehemu yake, tuseme "Hali ya Muuzaji", kwa sababu siku ya kubishana mkataba mtahitaji kujua alisema nini na lini. Kisha kila asubuhi mtu mmoja atafute hizi:

```
"Hali ya Muuzaji" ~ "closed" AND status != "Imekwisha"
"Hali ya Muuzaji" ~ "pending" AND status != "Mpira Kwetu"
```

Ya kwanza ni tiketi mlizozikwa nazo. Ya pili inaonyesha mahali ambapo kunakili kumekwama, au mtu kahamisha kadi kwa mkono. Orodha zote mbili zikiwa tupu, hapo ndipo mnywe chai.

Najua pingamizi: "Ubao utajaa Mpira Kwetu, wakubwa watakasirika." Wakasirike! Kama tiketi 7 kati ya 10 zinasubiri majibu yenu, tatizo la wiki hiyo liko mezani kwenu, na msimamizi anayelificha nyuma ya In Progress anamfanyia muuzaji kazi bila mshahara.