Waraka kwa Wajumbe wa Jopo la Uhakiki: Swali Lipime Hisabati, Lisipime Mahali Mtoto Alipokulia

Ndugu wajumbe,

Rasimu ya mtihani wa majaribio wa Hisabati, darasa la saba, imeshawafikia. Kabla hatujakutana, naomba kila mmoja aisome peke yake, kalamu mkononi, akianza na swali hili:

"Lifti ilikuwa ghorofa ya 3. Ikashuka ghorofa 5. Sasa ipo ghorofa ya ngapi? A: -8, B: -3, C: -2, D: 8."

Mtungaji alikusudia kupima utoaji wa namba kamili: 3 - 5 = -2. Lakini ili mtoto afike hapo, inambidi ajue mambo mawili ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha: kwamba jengo linaweza kuwa na ghorofa chini ya ardhi, na kwamba sakafu ya chini ndiyo sifuri. Mtoto wa Loliondo ambaye hajawahi kupanda lifti anaweza kuiita sakafu ya chini ghorofa ya 1. Atahesabu 2, 1, kisha -1, -2, -3. Ameshuka hatua tano kamili, akachagua B, akakosa. Hisabati anaijua, asilolijua ni jengo.

Kumwingiza mhusika mwenye jina la Kimaasai hakutaponya swali hili. Wala tusikimbilie kisima: ndoo inayoshuka kisimani itamfaa mtoto wa Loliondo, halafu wa Kariakoo aliyezoea bomba ndiye atakayebahatisha. Tutakuwa tumehamisha upendeleo tu.

Mahali ambapo watahiniwa wote wamepita ni darasani. Kwa hiyo napendekeza: "Asha alisimama kwenye 3 katika mstari wa namba. Akasogea nafasi 5 kuelekea kushoto. Alifika kwenye namba gani?" Majibu yabaki yaleyale. Sasa B imekuwa kipotoshi halali, kwa kuwa atakayeichagua huenda ameruka sifuri, na hilo ndilo kosa tunalotaka kuliona.

Tusifute kila kitu kigeni. Theluji kwenye swali la Jiografia ni halali iwapo muhtasari unaifundisha. Kinachotakiwa kuondoka ni ugeni usiohusiana na umahiri unaopimwa.

Basi, kando ya kila swali andika umahiri unaopimwa. Kisha pigia mstari kila kitu ambacho mtahiniwa lazima akijue nje ya umahiri huo, na utaje nani anaweza kukikosa. Ukibadilisha mazingira, kokotoa upya na ukague vipotoshi vyote.

Macho yetu hayataona yote. Baada ya usahihishaji, tutalinganisha watahiniwa wenye jumla sawa ya alama kutoka maeneo mbalimbali. Swali ambalo kundi moja limelikosa kupita kiasi litarudi mezani, lichunguzwe kabla halijatumika tena.

Njooni kikaoni na nakala zenu zilizopigiwa mistari. Tutaanza na maswali ambayo wajumbe wametofautiana kuyahusu.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti wa Jopo